Kufupisha Ripoti ya EIA kwa Wanakamati wa Manispaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo makarani wa kamati, maafisa wa mazingira na vijana wa atachimenti huku Kisumu, Kakamega, Bungoma mpaka Nakuru hurudia kila mara wanapopewa ripoti nene ya tathmini ya athari za mazingira na kuambiwa "tufupishie hii kabla ya kikao". Ili tusiongee hewani nimetumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: manispaa fulani ya magharibi inataka kujenga kichinjio kipya cha ng'ombe 60 kwa siku, kando ya mto unaoelekea Ziwa Viktoria. Mradi huo ni wa kutunga na kurasa zinazotajwa pia ni za kutunga, lakini hesabu zake zinaenda vile hesabu za vichinjio huenda.

## Mambo ya kwanza

Ripoti tayari ina muhtasari wake wa lugha rahisi. Kwa nini niandike mwingine?

Ni kweli, Kanuni za EIA za 2003 zinataka ripoti kamili iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu, uliotiwa sahihi na mwenye mradi pamoja na wataalamu walioandika. Usome, lakini uusome mwisho. Huo muhtasari ni sauti ya mwenye mradi akiieleza NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na umma kwamba mradi unafaa, na mara nyingi hausemi uongo wowote, shida ni kwamba unatoa hitimisho bila kuonyesha limesimama juu ya nini. Utasoma "athari kwa mto zitakuwa ndogo" na hutaambiwa ni ndogo kwa sharti gani, nani atalitimiza hilo sharti, na pesa zitatoka wapi.

Muhtasari wako unamhudumia mwanakamati ambaye kesho ataulizwa na watu wa mtaa wake kwa nini aliinua mkono. Yeye anahitaji kujua mradi unategemea ahadi gani. Hiyo ndiyo kazi yote, na maswali mengine yote hapa chini ni njia tu za kuifanya.

Si leseni hutolewa na NEMA? Kamati yetu inaamua nini basi?

Leseni ya EIA ni ya NEMA, ndio, na kamati haiwezi kuitoa wala kuinyima. Lakini kamati ina vitu vyake. Kaunti huombwa maoni kwa maandishi kuhusu ripoti. Ruhusa ya ujenzi na matumizi ya ardhi inapitia kwa kaunti. Tena kama mradi ni wa manispaa yenyewe, kama hiki kichinjio chetu, bajeti ya kujenga na ya kuendesha inapitia mikononi mwa hao hao wanakamati.

Kwa hivyo sentensi ya kwanza kabisa ya muhtasari iseme kamati inaombwa nini leo. Usianze na "mazingira ni uhai". Anza hivi: "Kamati inaombwa kupitisha maoni ya kaunti kwa NEMA kuhusu kichinjio, na kukubali au kukataa gharama za kila mwaka zilizo kwenye ukurasa wa 171." Mtu akisoma hiyo anajua mara moja asome kilichobaki na jicho gani. Na wanakamati wakichanganya hizi kazi mbili utaona kikao kizima kikipotea kwa mjadala wa kama NEMA ikubali au isikubali, wakati ile bajeti iliyo mbele yao hakuna aliyeigusa.

Muhtasari uwe na urefu gani?

Kurasa mbili za A4 na ramani moja. Ukipitisha hapo utasomwa ukurasa wa kwanza tu, na mwingine atakuja kikaoni akiwa ameuona kwa simu akiwa kwa matatu. Ndani ya hizo kurasa mbili weka mambo matatu makubwa, yapewe nafasi ya kutosha, kuliko mambo kumi na tano ya mstari mmoja mmoja. Vumbi la ujenzi, kelele za mashine, helmeti za wafanyakazi, yote hayo yako kwenye ripoti ya kila mradi na yanaweza kupita kwa sentensi moja inayotaja kurasa yaliko.

## Kusoma ripoti yenyewe

Ripoti ina kurasa 240. Naanzia wapi?

Usianzie ukurasa wa kwanza, manake kurasa sitini za mwanzo huwa ni sheria, sera na historia ya kaunti, na utafika kwenye kitu cha maana ukiwa umechoka. Anza na maelezo ya mradi: nini kitajengwa, wapi, kitatumia maji kiasi gani na kitatoa nini. Ukitoka hapo ruka mpaka kwenye mpango wa usimamizi wa mazingira, ile jedwali ndefu karibu na mwisho inayosema kila athari itapunguzwaje, na nani, kwa pesa ngapi. Kisha nenda kwa viambatisho uangalie matokeo ya maabara na orodha ya waliohudhuria mikutano. Baada ya hayo ndio urudi katikati kwenye sura ya athari, na mwisho kabisa usome ule muhtasari wa mwenye mradi.

Mpangilio huu una sababu. Ukisoma kwanza vitu ghafi, yaani kiasi cha maji, tarehe za sampuli, pesa, halafu ndio usome hitimisho, utaona mahali ambapo hitimisho limeruka hatua. Ukianza na hitimisho akili yako inalikubali na kila kitu baadaye kinaonekana kinakubaliana nalo.

Unaposoma andika namba ya ukurasa kando ya kila unachonukuu. Kila sentensi ya ukweli kwenye muhtasari wako lazima iwe na ukurasa, hii haina mjadala. Mwenyekiti akiuliza "hii umetoa wapi?" umfungulie hapo hapo.

Ripoti inasema athari kwa mto ni "ndogo". Si ninakili tu?

Hapana, na hapa ndipo mihtasari mingi hupotea. Karibu kila ripoti hupima athari mara mbili: kabla ya hatua za kupunguza na baada ya hatua hizo. Kwa kichinjio chetu jedwali linasema athari ya maji taka kwa mto ni "kubwa" kabla, na "ndogo" baada. Muhtasari wa mwenye mradi unabeba ile ya pili peke yake. Lakini hiyo "ndogo" ni hali ya siku zijazo ambayo itakuwepo tu ikiwa kila kilichoahidiwa kimejengwa na kinaendeshwa.

Kwa hivyo andika zote mbili na kinachozitenganisha. "Bila matibabu ya maji taka athari kwa mto ni kubwa (uk. 118). Ripoti inasema itakuwa ndogo ikiwa damu itakusanywa kwenye tangi lake kando na maji taka yatapita kwenye mabwawa manne (uk. 121)." Ukishaandika hivyo mwanakamati yeyote, awe mwalimu mstaafu au mfanyabiashara wa mahindi, atauliza swali sahihi bila kufundishwa: hilo tangi la damu litamwagwa na nani?

Nawezaje kujua ahadi gani ndiyo imebeba mradi?

Chukua kila hatua ya kupunguza athari na uiulize: hii ikikosekana, ile "ndogo" inabaki ndogo? Nyingi zikikosekana hakuna kinachobadilika sana. Moja au mbili zikikosekana mradi mzima unageuka.

Kwa kichinjio ni damu. Damu ya ng'ombe ni chafuzi kali kuliko karibu kila kitu kingine kinachotoka hapo, lita moja yake inabeba BOD ya gramu 150 hivi au zaidi (BOD imeelezwa kwenye swali linalofuata la namba). Sema kila ng'ombe anatoa lita 12, ng'ombe 60 wanatoa lita 720 kwa siku, na hizo peke yake zina kilo 108 za BOD. Sasa rudi ukurasa wa 44 wa ripoti, utakuta maji taka yote ya kichinjio yamekadiriwa kuwa na kilo 120 kwa siku, *damu ikiwa imetolewa kando tayari*. Maana yake siku ambayo tangi limejaa na damu inaachwa iende na maji ya kuoshea, mabwawa yanapokea karibu mara mbili ya mzigo yaliyopigiwa hesabu.

Ukiipata hiyo ahadi nenda moja kwa moja kwenye jedwali la usimamizi uangalie mistari yake. Kwenye mfano wetu tangi la damu liko kwa orodha ya vifaa vya ujenzi, kwa hivyo litajengwa. Lakini safu ya kulimwaga kila siku inasema mhusika ni "kaunti" na gharama ni "itaamuliwa". Hiyo "itaamuliwa" ndiyo habari kubwa kuliko zote kwenye kurasa 240, na haiko kwenye muhtasari wa mwenye mradi hata kidogo. Iweke kwenye ukurasa wako wa kwanza.

## Namba

BOD nitaieleza vipi kwa mtu ambaye hakusoma sayansi?

Eleza inavyofanya kazi, usitoe tu jina refu. Uchafu wa kuoza ukiingia mtoni vijidudu vinaula, na vikiula vinatumia oksijeni iliyo ndani ya maji. BOD ni kipimo cha oksijeni hiyo itakayotumika, huwa inapimwa maabara kwa siku tano. Uchafu ukiwa mwingi oksijeni inaisha na samaki wanakufa, maji yananuka. Sentensi mbili za namna hiyo zinatosha.

Kisha upe namba sura ya watu. Mtu mmoja kwa kawaida anakadiriwa kutoa gramu 40 hivi za BOD kwa siku kwa choo na maji yake ya kuoga na kufua. Kilo 120 za kichinjio ni sawa na uchafu wa watu 3,000. Mwanakamati akisikia "miligramu 2,000 kwa lita" ataitikia kwa heshima tu, akisikia ni kama soko la watu elfu tatu limeelekezwa kwa kijito kimoja ataketi vizuri. Lakini andika kwamba huo mlinganisho ni wako na uonyeshe hesabu, usiuweke kama ripoti ndiyo iliyosema.

Ripoti inasema mfumo utaondoa asilimia 95 ya uchafu. Hiyo si nzuri?

Inasikika vizuri sana na ndio maana huwa inawekwa mbele. Asilimia ya kinachoondolewa haikuambii kitu mpaka ujue kilichoingia ni kiasi gani na kinachoruhusiwa kutoka ni kiasi gani.

Fanya hesabu polepole. Kichinjio kinatumia lita 60,000 za maji kwa siku, lita elfu moja kwa kila ng'ombe. Maji taka yake yanaingia kwa mabwawa yakiwa na BOD ya miligramu 2,000 kwa lita. Ukiondoa asilimia 95 zinabaki tano, na asilimia tano ya 2,000 ni miligramu 100 kwa lita. Kiwango kwenye Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 kwa maji yanayomwagwa kwa mazingira ni miligramu 30. Yaani mfumo ukifanya kazi *vile ripoti yenyewe inaahidi*, siku yake nzuri kabisa, bado unatoa zaidi ya mara tatu ya kinachokubaliwa. Ili kufika 30 ingebidi uondoe asilimia 98.5.

Angalia pia maji yanaenda wapi. Kama yangeunganishwa na suweji ya mji kiwango chake ni kingine kabisa, kanuni hizo hizo zinaruhusu BOD ya mpaka 500 kuingia kwa suweji ya umma, kwa sababu huko mbele kuna mtambo mwingine. Kwa hivyo usilinganishe na kiwango kabla hujajua bomba linaishia wapi. Nimeona mihtasari ikitumia kiwango cha suweji kwa mradi unaomwaga mtoni na hakuna mtu kwa kamati aliyegundua, na hawakuwa na njia ya kugundua.

Tarehe za sampuli za maji zina umuhimu gani? Naweza kuziacha?

Usiziache. Kwa ukanda huu mvua ndefu ni Machi hadi Mei, na kuanzia Desemba mpaka Februari mito midogo hukonda sana. Timu ikipima mto Mei inakuta maji mengi na kila kitu kinachomwagwa humo kinaonekana kimezimuliwa.

Kwa mfano wetu kiambatisho cha nne kinaonyesha mto ulipimwa mara moja, Mei, ukiwa na lita 400 kwa sekunde. Watu wa hapo wanasema kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba Januari unavuka na viatu. Tuseme Januari ni lita 20 kwa sekunde. Maji ya mto yakiwa na BOD ya 2 kabla ya kichinjio, na kichinjio kikimwaga zile lita 60,000 zikiwa na 100, Mei mto unapanda kutoka 2 mpaka 2.2, huoni hata tofauti. Januari unapanda kutoka 2 mpaka 5.3. Maji machafu ni yale yale. Na Januari ndipo ng'ombe wengi zaidi wanashuka kunywa hapo na akina mama wanachota hapo, kwa sababu visima vimekauka.

Kwenye muhtasari andika: "Mto ulipimwa mara moja, mwezi Mei (kiambatisho 4). Ripoti haina kipimo cha kiangazi." Hesabu ya Januari unaweza kuiweka chini yake lakini sema wazi lita 20 ni makadirio yako, na pendekeza kamati iombe kipimo cha kiangazi. Hilo ni ombi dogo na la haki, hakuna mwenye mradi mwenye nia njema atalikataa.

Ramani inaonyesha mradi uko mita 30 kutoka mtoni. Nikubali?

Uliza mita 30 kutoka wapi. Kanuni za 2006 zinazungumzia ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto, na zinapima kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa, si kutoka ukingo wa maji siku ile mpima ardhi alipokuja. Kwa tambarare za Nyando au Budalang'i tofauti ya hizo mbili inaweza kuwa kubwa kuliko kiwanja chenyewe.

Angalia pia picha ya ramani ni ya mwaka gani. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda kuliko ilivyowahi kupimwa na maji yakaingia kwa nyumba na maduka ya ufukweni Kisumu, na huko Nakuru ziwa lao pia lilimeza ardhi na barabara za mbuga miaka hiyo hiyo. Ramani iliyochorwa kabla ya hapo haijui maji yalifika wapi. Kama mabwawa ya maji taka yako mahali ambapo mafuriko yalifika basi hesabu zote za swali la asilimia 95 hazina kazi, manake maji ya mto yenyewe yataingia kwa mabwawa na kuondoka na kila kitu.

## Maoni ya watu

Ripoti inasema "jamii iliunga mkono mradi". Niandike hivyo?

Fungua kiambatisho cha mikutano kwanza. Angalia ilifanyika wapi, lini, nani alikuja na nini kilisemwa. Mara nyingi utakuta mkutano ulifanyika kwa baraza la chifu karibu na kiwanja, ambako watu wanategemea ajira na biashara ya nyama, na ndio, waliunga mkono, na wana haki ya kuunga mkono. Lakini kwa kichinjio wanaoumia ni wa chini ya mto, na kama orodha haina mtu hata mmoja wa kutoka huko basi "jamii" haijazungumza yote.

Andika kilichoko: mikutano miwili, yote ya kata moja, hakuna aliyetoka vijiji vya chini. Kisha chukua malalamiko ambayo watu walitoa na uyafuatilie kwenye jedwali la usimamizi. Harufu iliulizwa na watu kadhaa, jedwali lina jibu. Maji ya kunywa ya mifugo yaliulizwa, jedwali liko kimya. Lalamiko lisilo na jibu linastahili mstari wake, kwa maneno ya aliyelisema kadiri uwezavyo, bila jina lake.

## Muhtasari unavyokaa mwishoni

Nionyeshe basi ukurasa wa kwanza unavyosomeka.

Huu hapa, wa kichinjio:

> Kamati inaombwa kupitisha maoni ya kaunti kwa NEMA na kukubali gharama za uendeshaji (uk. 171).
>
> Mradi: kichinjio cha ng'ombe 60 kwa siku, lita 60,000 za maji taka kwa siku, yatakayosafishwa kwa mabwawa manne na kumwagwa mtoni (uk. 38–44).
>
> 1. Damu. Ripoti inasema athari kwa mto itakuwa ndogo ikiwa damu itakusanywa kando (uk. 121). Kazi ya kumwaga tangi imepewa kaunti, na gharama yake haijawekwa (uk. 171). Damu ikiingia kwa mabwawa mzigo wake unakaribia mara mbili (hesabu ya ofisi, nyuma).
>
> 2. Kiwango cha maji yanayotoka. Kwa takwimu za ripoti maji yatatoka na BOD ya 100, kinachoruhusiwa ni 30 (uk. 44, 123). Ripoti haielezi pengo hili.
>
> 3. Kiangazi. Mto ulipimwa mara moja, Mei. Vijiji vya chini havikushirikishwa (viambatisho 4 na 7).
>
> Masharti ambayo kamati inaweza kuomba: bajeti ya kila mwaka ya kumwaga damu kabla ya ujenzi kuanza, muundo mpya wa mabwawa unaofika 30, kipimo cha mto cha Januari au Februari, mkutano mmoja chini ya mto.

Unaona hakuna neno linalosema mradi ni mbaya. Mji unahitaji kichinjio, nyama inayochinjwa vichakani ni hatari zaidi kwa watu. Ukurasa huo unaiambia kamati tu vitu vinne vya kuomba ili kile kinachoahidiwa kiwe cha kweli, na kila kimoja kina mahali kilipotoka.

## Hali ngumu

Nikipata namba inayogongana na nyingine ndani ya ripoti, nirekebishe?

Usirekebishe kimya kimya. Ripoti ikisema ng'ombe 60 ukurasa wa 38 na ng'ombe 80 kwenye hesabu ya maji, mpigie mtaalamu aliyeandika umuulize, majina na namba zao za usajili huwa mwanzoni. Akijibu mwambie akuandikie barua pepe. Asipojibu kabla ya kikao andika namba zote mbili na kurasa zake, na useme ni ipi umetumia. Kamati inaweza kuvumilia pengo lililoonyeshwa, lakini pengo lililozibwa na karani likija kugunduliwa baadaye litaangusha kila kitu kingine ulichoandika, hata kile kilichokuwa sawa.

Nimepewa siku mbili tu. Nifanye nini?

Notisi za NEMA za ripoti kamili kwa kawaida huwapa watu siku 30 kutoa maoni, na nakala ya kaunti huweza kukaa kwa dawati la mtu wiki tatu kabla ikufikie. Ukiwa na siku mbili soma maelezo ya mradi, jedwali la usimamizi na viambatisho vya maabara na mikutano, basi. Tafuta ile ahadi moja iliyobeba mradi kama ilivyoelezwa hapo juu. Halafu andika chini ya muhtasari ni sura zipi hukusoma. Kufanya hivyo si aibu, na kunamwezesha mwenyekiti kuomba muda zaidi kwa sababu inayoonekana.

Mkubwa wangu anataka nitoe ile sehemu ya gharama isiyo na jibu. Nifanyeje?

Kama sentensi inasema tu kilichoko kwenye ripoti na ina ukurasa, ni ngumu sana mtu kuitoa, na ndio maana kurasa zinasaidia. Maoni yako anaweza kuyaondoa, ana haki hiyo, kwa hivyo yatenganishe mapema na yaliyotoka kwa ripoti. Mpe pia njia ya kusema jambo lile lile bila kuudhi, kwa mfano "kamati iulize idara ya fedha gharama ya kumwaga tangi la damu". Akisisitiza bado, tunza drafti yako ya kwanza ikiwa na tarehe, na ukiulizwa kikaoni ufungue ukurasa wa 171 usome kilichoandikwa.

Leseni ikishatoka muhtasari bado una kazi?

Una kazi kubwa kuliko mwanzo. Leseni ya NEMA hutoka na masharti, na mradi hufanyiwa ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka. Chukua muhtasari wako uweke masharti ya leseni kando ya yale manne kamati iliyoomba, uone ni lipi limeingia na lipi limeachwa. Kama kuna aliyeumizwa na uamuzi, anaweza kukata rufaa kwa Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ndani ya siku 60, na siku hizo hazisubiri kikao kijacho cha kamati, kwa hivyo tarehe ya leseni iandikwe juu kabisa.

Baadaye ripoti ya ukaguzi ikija ya kwanza, mfungulie mwanakamati mistari miwili tu: risiti za kumwaga tangi la damu, na BOD iliyopimwa kwenye bomba la mwisho mwezi wa kiangazi. Kama risiti ni za miezi mitatu kwa mwaka mzima, anajua mabwawa yalikuwa yanapokea nini miezi ile mingine tisa.